Gitaa Likifa Mlangoni, Programu Haitalifufua

Salaam aleikum, wapigaji na mafundi wa sauti wa Malindi. Gitaa la umeme mnalo, kompyuta mnayo, na programu ya kuiga ampu kila mmoja ameshaipakua. Hayo nayaruka. Narudi palepale ninaporudi kila mwaka, na anayechoka avumilie: tundu unalochomeka waya wa gitaa.

Saundi kadi ina matundu yaliyoandikwa LINE, na ina jingine lenye kitufe cha INST au HI-Z. Jeki ya gitaa inaingia kote kote, na hapo ndipo balaa. LINE nyingi zina ukinzani wa oumu 10,000 hivi. INST ina karibu milioni moja, sawa na mlango wa ampu halisi ya valvu. Sasa tuhesabu. Chukua pikapu yenye induktansi ya henri 4 na ukinzani wake wa ndani oumu 8,000. Ukiichomeka LINE, jumla ya ukinzani ni 18,000. Gawa kwa 25, yaani pai mara mbili, mara henri 4, utapata hezi 720. Kutoka hapo kwenda juu, sauti inaporomoka. Na ule mkwaruzo wa plektra unaofanya gitaa la bango lisikike juu ya saksofoni, unakaa hezi 2,000 hadi 4,000. Umeshauzika kabla hujafungua programu.

Najua mtakaloniambia: “Nitapandisha trebo.” Pandisha. Utakachokipandisha ni vumi. Pikapu na waya wake vina kilele chao cha sauti, na kilele hicho hakirudishwi na kitufe cha trebo. Waya una kapasitansi ya pikofaradi 100 hivi kwa kila mita. Pikapu ileile yetu, ukiiongezea pikofaradi 100 za kwake mwenyewe, kwa waya wa mita 3 kilele kiko karibu na hezi 4,000. Kwa waya wa mita 6 kinashuka hadi 3,000. Urefu wa waya tu! Basi msiniletee waya wa jukwaani wa mita 10 ndani ya chumba cha kurekodia, kisha mkalaumu programu.

Boksi la DI nalo lina aina mbili. Lisilotumia umeme lina transfoma ndani, na mengi huipa pikapu mzigo wa oumu 140,000 hivi. Kibodi na gitaa lenye betri havijali. Pikapu ya kawaida inajali: kile kilele kinalainika. Kwa gitaa la namna hiyo tafuteni DI inayotumia umeme, ya betri au ya volti 48 kutoka mikseri, yenye oumu milioni moja. Na kama saundi kadi yako ina INST nzuri, huhitaji boksi lolote. Muuza duka hatapenda kusikia hivyo.

Kiwango sasa. Fungua volyumu ya gitaa yote, piga kwa nguvu utakayopiga kwenye wimbo, kisha weka geini vilele vifike kati ya desibeli -12 na -6. “Mbona hafifu?” Kwa biti 24 si hafifu. Ampu ya programu huvunja sauti kulingana na nguvu inayoingia. Ukizidisha kwa desibeli 12, ile ampu safi ya chakacha itaanza kukwaruza, na utahangaika ukibadilisha ampu moja hadi nyingine bure. Hilo linatibika: punguza desibeli 12 kwenye kitufe cha kuingilia cha programu. Taa nyekundu ikiwaka wakati wa kurekodi, hakuna dawa; piga tena. Na rekodi sauti mbichi, programu ikae juu ya traki, ili kesho ubadilishe ampu bila kumwita mpigaji.

Naona saa. IR kwa haraka. Ni faili la WAV linalobeba mwitikio wa spika na maikrofoni. Spika ya gitaa huzima sana juu ya hezi 5,000, hivyo ukiisahau IR, gitaa lililovunjwa litalia kama nyuki. Sauti ikiwa nzito na imefunikwa, angalia kama kabati la ndani ya programu bado limewashwa, maana hapo una spika mbili mfululizo. IR ya 48,000 ikichezwa kwenye mradi wa 44,100 na programu isiyoibadilisha, kila kitu kwenye spika kinashuka asilimia 8. Ukichanganya IR mbili zilizopishana nusu milisekunde, kunatokea shimo hezi 1,000. Zisogeze hadi zilingane.

Muungurumo wa stima niliuandaa, lakini muda umekwisha. Nawaachia hili: tumieni swichi ya GND LIFT kwenye DI, wala msikate pini ya athi kwenye plagi, kwani kuikata kunaua.