Jinsi ya Kuwaandikia Wateja wa Kudumu Barua ya Kupandisha Bei

Karibuni. Leo tutaandika barua ya mtoa huduma ya usafi wa ofisi, anayelipwa kila mwezi na anayekusudia kupandisha ada yake kwa asilimia 8.

Kwanza, fungua mkataba wa kila mteja usome kifungu cha mabadiliko ya bei. Ikiwa kinadai ridhaa ya maandishi, ukimya wa mteja hauhesabiki kuwa amekubali, na ikiwa bei imefungwa hadi mwisho wa mwaka, mteja huyo hapati barua hii kwa sasa.

Pili, andika tarehe. Hapa ndipo ugomvi mwingi huzaliwa, kwa sababu kusema tu kwamba bei itapanda mwezi wa Septemba hakuonyeshi kama kinachohesabiwa ni siku ya kazi au siku ya ankara. Tazama tulivyoandika kwenye skrini: “Kuanzia tarehe 1 Septemba, ada ya kila mwezi itapanda kwa asilimia 8. Ada mpya itahusu kazi itakayofanyika kuanzia siku hiyo. Kazi ya Agosti itatozwa kwa ada ya sasa, hata kama ankara yake itatolewa Septemba.” Chini yake weka ada ya sasa na ada mpya kwa tarakimu, ukieleza kama kodi imejumuishwa. Mkataba wetu unataka notisi ya siku 30, lakini barua tunaituma tarehe 1 Julai, kwa kuwa ofisi nyingi haziwezi kulipa zaidi mpaka bajeti iidhinishwe.

Tatu, toa sababu, na kabla ya kuziandika zipigie hesabu. Dawa za usafi zimepanda kwa asilimia 20, lakini ni sehemu ya tano tu ya gharama zetu, hivyo zinaeleza asilimia 4 peke yake. Nne zilizobaki zinatokana na mishahara, ambayo ni nusu ya gharama na imepanda kwa asilimia 8. Ukizitaja dawa pekee, mhasibu makini ataligundua pengo hilo. Sababu mbili za kweli zinatosha; malalamiko ya jumla kuhusu hali ya uchumi, kwa maoni yangu, yafutwe.

Nne, taja yasiyobadilika: siku na saa za usafi, wafanyakazi wale wale, na muda wa siku 14 wa kulipa ankara. Usiahidi kwamba bei haitapanda tena, isipokuwa unaweza kutaja tarehe na kuiheshimu.

Mwisho, mtumie kila mteja barua yake kwa jina, si ujumbe mmoja wa kundi, ukiweka jina na simu ya mtu wa kuulizwa. Hifadhi uthibitisho wa kupokelewa, kisha katika ankara ya kwanza yenye ada mpya andika tarehe ya barua hiyo, ili anayelipa asilazimike kuuliza tofauti imetoka wapi.