Imeli ya kuulizia kazi iliyochelewa: isisomeke kama unamshtaki mwenzio

Haya karibuni jamani, leo tuko Tanga mjini na kazi yetu ni moja tu, kuirekebisha imeli ya kumuuliza mwenzako wa kazini kuhusu kitu ambacho dedilaini yake imepita. Mfano wetu tuchukue ofisi ya mkonge hapa mjini, kuna kaka yuko shambani Korogwe, alitakiwa Jumatano atume hesabu ya marobota yanayoenda bandarini, leo Alhamisi asubuhi kimya. Wewe umekasirika ukaandika hivi, angalia kwenye skrini:

"RIPOTI IMECHELEWA!! Hujatuma hesabu mpaka sasa. Ulisema Jumatano. Kwanini unatukwamisha kila mara? Tafadhali tuma leo bila kukosa."

Kabla ya kugusa neno lolote, futa jina lake pale kwenye To, ibaki tupu, maana kidole kinateleza na imeli ikishaenda imeenda. Afu ingia Spam, ingia na wasap, rudi mpaka kwenye ile imeli mliyokubaliana, hakikisha kweli ilikuwa Jumatano hii na kweli haijaja. Hii hatua watu wanairuka sana, unamwandikia mtu kwa ukali kumbe aliituma jana usiku kwenye group.

Sasa tuje kwenye maneno yenyewe. Hesabu vitenzi vinavyomnyooshea yeye kidole: hujatuma, ulisema, unatukwamisha. Vitatu kwenye imeli fupi kama hii, hapo msomaji akili yake yote inaenda kujitetea, marobota anayasahau kabisa. Dawa yake ni kuiacha hesabu yenyewe iwe ndo inayozungumziwa, sio mtu. "Hujatuma hesabu" inakuwa "hesabu haijanifikia". Jambo ni lile lile na hujadanganya popote, ila mlango umeuacha wazi, inawezekana mtandao ulisumbua, inawezekana mzani umeharibika, wewe uko mjini hujui.

"Kwanini" itoe, weka "imefikia wapi". Kwanini inadai sababu, na wewe sababu huihitaji kwa sasa, unahitaji idadi na uzito. "Kila mara" nayo ifute kabisa, ukiiacha atakujibu habari za mwezi uliopita na mtabishana humo mpaka jioni. Na wale wanaodhani wakichomeka "tafadhali" basi imelainika, hapana, tafadhali ikikaa mbele ya "tuma leo bila kukosa" inasikika ni amri tu.

Ila sasa, na hapa nisikilizeni vizuri, usilainishe mpaka dedilaini yenyewe ikayeyuka. "Ukipata nafasi naomba uniangalizie" hiyo haifai, nafasi ataipata wiki ijayo. Saa iandike, na sababu ya hiyo saa iandike pia, mtu akijua kwanini ni saa kumi haoni kama unamkomalia. Soma hii mpya:

"Subject: Hesabu ya marobota, mzigo wa Jumatatu

Habari za asubuhi kaka, poleni na kazi huko shambani. Naulizia hesabu ya marobota tuliyopanga iwe tayari jana, bado haijanifikia, imefikia wapi? Wakala anafunga nyaraka kesho saa sita mchana, kwahiyo naomba niipate leo kabla ya saa kumi jioni ili nipate muda wa kuihakiki. Kama haijakamilika yote, nitumie idadi na uzito wa yale yaliyokwishapimwa, mengine tutaongezea kesho asubuhi. Kama kuna kitu kimekwama niambie mapema tuone tunafanyaje."

Umeona ile sentensi ya yaliyokwishapimwa? Hiyo ndo inafanya kazi kubwa kuliko zote, kwasababu mtu aliyechelewa mara nyingi anakaa kimya kwa kuwa kazi ni nusu na anaona aibu kuituma nusu, ukimruhusu anaituma sahivi hivi. Na salamu usiiruke jamani, huku kwetu imeli inayoanza na madai bila hata habari za asubuhi imeshaharibika kwenye mstari wa kwanza. Akiwa mtu mzima kwako anza na shikamoo.

Angalia na Cc. Kama bosi yumo, mtoe, maana hata uandike maneno ya asali namna gani, jina la bosi pale juu linasomeka kama mashtaka. Ukimaliza, rudisha jina kwenye To, tuma.

Akijibu "sawa nitaangalia" bila saa, ujue bado hujapata jibu, usiandike imeli nyingine, piga simu. Muulize tu "kaka, saa kumi itawezekana?" Mkishakubaliana tuma mistari miwili ya kuandika mlichoongea, "asante kaka, basi nasubiri idadi na uzito saa kumi, mengine kesho saa mbili asubuhi."