Mazoezi ya pamoja, kila mtu na kipimo chake

Habari zenu. Leo tuko watatu hapa uani, na kila mmoja ana lake. Huyu dada anataka kupungua, ila goti la kulia humsumbua akishuka ngazi. Huyu kaka anatafuta nguvu. Mimi najiandaa na nusu marathoni ya Moshi, kilomita 21.

Kwanza, saa. Weka simu ilie kila dakika. Dakika ya kwanza kuchuchumaa, ya pili pushapu, ya tatu kuvuta dumu, ya nne mnapumzika. Rudieni mara tano, zinakuwa dakika 20. Mwanzoni tulikuwa tunahesabu kwa sauti, kila mmoja mara 15. Dada akawa anakimbizana nasi, siku ya pili goti limevimba. Sasa kinachotuunganisha ni saa tu.

Tuanze kuchuchumaa. Dada anatumia kiti: anashuka taratibu mpaka akiguse, anainuka, kwa sekunde 40. Sikilizeni kile kiti. Mmesikia kishindo? Hapo kajibwaga, maana yake kiti ni kifupi kwake. Tunaongeza mto juu yake. Haya, arudie... umeona, sasa kimya. Tazama na magoti: yakiingia ndani, apunguze kasi.

Kaka amekumbatia dumu kifuani. Yeye anafanya sita tu, anashuka kwa kuhesabu moja hadi tatu, kisha anapumzika mpaka simu ilie. Akikimbizana na sekunde 40, atajenga pumzi kuliko nguvu. Mimi napanda na kushuka ngazi ya baraza, mguu mmoja raundi hii, mwingine raundi ijayo.

Pushapu: dada mikono ukutani, mimi kwenye ukingo wa baraza, kaka chini. Mikono ikiwa juu zaidi, uzito unaobeba unapungua. Kiuno kikianza kubonyea, panda hatua moja.

Kuvuta dumu: inama kiunoni, mgongo unyooke, vuta mpaka ubavuni. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo dada ana lita tano, mimi kumi, kaka dumu zima la 20. Dumu lisilojaa maji yake hucheza na kukuyumbisha, basi vuta bila kulirusha.

Utajuaje kipimo chako? Ukimaliza, jiulize ungeweza ngapi zaidi bila kuharibu mtindo. Mbili au tatu, umepatia. Tano au zaidi, wiki ijayo ongeza lita mbili au shusha mikono. Lakini goti likichoma, acha hapo hapo. Na ukiamka limevimba, rudi kwenye kiti kirefu.

Hii tunafanya Jumanne na Alhamisi. Kwangu haitoshi, Jumapili nakimbia peke yangu mbio ndefu. Baraza halimfundishi mtu kilomita 21. Dada naye anatembea jioni.

Haya, dada kaa sawa na kiti chako. Simu imelia.