Kuurudisha Uso wa Mama Kwenye Picha ya Familia

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Leo nataka tuiangalie picha moja, hatua kwa hatua, maana ndani yake yamo karibu mambo yote yanayoisumbua kazi hii ya kurudisha nyuso kwenye picha zilizoharibika.

Ni picha ya familia, nyeusi na nyeupe, watu saba wamesimama juani. Kwa miaka mingi ilikaa kwenye fremu, ikashika unyevu na kugandana na kioo. Mtu alipoibandua, uso wa mama ukabaki kwenye kioo. Mwili upo, kola ya gauni ipo, shingo ipo nusu. Watoto wake watatu walio hai walitaka uso urudishwe. (Ikiwa yenu imegandana na kioo, tafadhali msiibandue. Ipigeni picha ikiwa hivyo hivyo, kupitia kioo chake.)

Kabla ya kugusa kompyuta, nilikaa nao wote watatu pamoja. Swali langu halikuwa kama wanakubali tu, bali wanamkubali mama yupi. Mkubwa alileta picha ya uzeeni, mama akitabasamu, kwa sababu ndiyo anayoipenda. Mdogo akakataa: pale juani mama alikuwa bado kijana, na yeye mwenyewe yumo pichani akiwa mtoto wa kubebwa. Mama mzee kwenye mwili wa kijana ni uongo, hata kama uso ni wake. Nilikuwa upande wa mdogo, lakini niliwaachia waamue wao. Walikubaliana kutafuta picha ya miaka ile ile, na pia kwamba kazi ikiisha itaandikwa wazi kuwa uso umeongezwa.

Zikapatikana mbili. Ya kwanza ni ya pasipoti: safi, uso mkubwa, unatazama mbele. Kila mtu huikimbilia ya namna hiyo, na mara nyingi ndiyo inayoharibu kazi. Mwanga wake unatoka mbele, kwa hiyo hakuna kivuli chini ya pua wala chini ya kidevu. Kwenye picha yetu jua liko juu kushoto. Ndugu wote wana kivuli kwenye shavu la kulia. Ukimweka mama wa pasipoti katikati yao, ataonekana kama kinyago kilichobandikwa. Ya pili ilikuwa ya harusi ya jirani, mama akiwa pembeni, uso umefifia kidogo, lakini jua linatoka upande ule ule na kichwa kimeelekea kule kule. Tukachukua hiyo. Na kama mwanga ungekuwa wa upande wa pili, nisingeigeuza kama kwenye kioo. Nywele zingegawanyika upande usio wake, baka la shavuni lingehama, na watoto wangehisi kuna kitu hakiko sawa hata wakishindwa kukitaja.

Sasa vipimo. Uso kwenye picha ya kundi ulikuwa na urefu wa sentimita 1 hivi. Nikiskani kwa 1200 dpi, yaani nukta 1200 kwa kila inchi, napata pikseli zipatazo 470. Uso unaoletwa uwe na pikseli nyingi kuliko hizo, ili upunguzwe, usikuzwe. Ukubwa wa kichwa sikukisia; nilipima kutoka macho hadi kidevu kwa dada yake aliyesimama safu moja naye, kisha nikalinganisha na upana wa kola.

Uso ukishakaa mahali pake, bado utajitenga, kwa sababu mbili. Kwanza weusi: picha iliyopauka haina tena weusi kamili, nywele za dada zimekuwa kijivu kizito. Nikazileta za mama hadi hapo, na sikuvuka. Pili ukali: uso uliopunguzwa huwa mkali kuliko majirani zake. Nikautia ukungu kidogo hadi kope zake zikalingana na za dada, halafu ndipo nikaongeza chembechembe za filamu juu yake. Ukibadilisha mpangilio huo, ukungu unazifuta chembechembe, na uso unabaki laini kama plastiki.

Rasimu niliwaonyesha ikiwa imechapishwa kwa ukubwa wa picha yenyewe, kwa kuwa kwenye skrini watu hukuza na kubishana juu ya kope moja. Binti akasema shingo ni ndefu mno. Alisema kweli. Nikashusha kidevu kidogo, na kivuli chake kikaangukia kola kama inavyotakiwa.

Familia ilipewa faili mbili za TIFF: skani ya asili yenye pengo lake, na iliyotengenezwa, uso ukiwa kwenye tabaka lake peke yake ili uweze kuondolewa siku yoyote mmoja wao akibadili nia. Nyuma ya nakala iliyochapishwa tuliandika kwa penseli laini uso umetoka picha gani, na nani walikubali. Maelezo hayo hayo yamo ndani ya faili. Na kama ile picha ya harusi isingepatikana, ningewashauri waliache pengo wazi.