Anzia Kona ya Chini: Kusoma Mchoro wa Shafti Kabla ya Kuwasha Mashine

(Mhadhara kwa mafundi wa karakana, Kigoma)

Ndugu zangu mafundi, shikamooni wakubwa, na vijana hamjambo. Kukereza mnakujua, kwa hiyo leo sitagusa kasi ya mashine wala pembe ya kisu. Nimekuja kusema jambo ambalo wengine hapa mmeshalisikia kwangu, na nitalisema tena kwa sababu vyuma bado vinaharibika: tukipewa mchoro wa Kiingereza, macho yanakimbilia picha. Tunaona shafti, tunaona namba 40, tunakata chuma. Kona ya chini upande wa kulia, penye jedwali lenye maandishi madogo, hatuipitii kabisa.

Tuchukue shafti moja tu na tuimalize. Ni shafti ya pampu ya maji, ndefu milimita 412, ina sehemu mbili za kukalia beringi namba 6208. Beringi hiyo ina tundu la milimita 40, nje milimita 80, unene 18. Picha inaonyesha Ø40 pande zote mbili. Kazi rahisi, au sivyo?

Sasa shuka kwenye kona. Kwanza tafuta namba ya mchoro, imeandikwa DRG NO au DWG NO. Pembeni yake utakuta kisanduku kidogo kilichoandikwa REV, na ndani yake herufi moja. Tuseme ni A. Herufi hiyo inakwambia mchoro huu ni toleo gani. Usiendelee hata hatua moja kabla hujajua kama kuna toleo jipya zaidi ya hilo ulilonalo.

Mtaniambia: "Bosi ndiye aliyenipa karatasi, mimi nani nimuulize?" Muulize. Swali ni fupi: "Toleo la mwisho la mchoro huu ni lipi?" Anayeagiza kazi ana uwezo wa kulipata kwa simu moja. Wewe ukishakata chuma, huna uwezo wa kukirudisha.

Kwa shafti yetu, ukiuliza unaletewa toleo C. Mbali na kisanduku cha REV, mchoro huo una jedwali jingine, mara nyingi juu kulia au juu ya kona yenyewe, lenye kichwa REVISIONS. Linasomeka hivi:

```
A  FIRST ISSUE
B  LENGTH 412 WAS 410
C  Ø40 k6 WAS Ø40 h6, BOTH BEARING SEATS
```

Neno la kukamata hapo ni WAS. Kilichoandikwa kabla yake ndicho cha sasa, kilichoandikwa baada yake ni cha zamani na kimekufa. Mstari wa B unasema urefu ni 412, zamani ulikuwa 410. Wapo wanaosoma kinyume, wakadhani 412 imebadilishwa kuwa 410, na shafti ikatoka fupi kwa milimita mbili. Kwenye michoro mingine wanaandika FROM na TO, na hapo mpangilio unageuka: cha zamani kinatangulia. Soma neno, usikariri nafasi.

Jedwali lenyewe huweza kupanda au kushuka. Kampuni nyingine huweka toleo jipya juu, nyingine chini. Fuata herufi. Tarehe nazo zisikudanganye: 03/04 kwa Mwingereza ni tarehe 3 Aprili, kwa Mmarekani ni Machi 4. Kisha linganisha: herufi ya mwisho kwenye jedwali lazima iwe sawa na ile ya kisanduku cha REV. Kona ikisema C na jedwali likaishia B, karatasi hiyo ina kasoro, simama. Na mchoro ukiwa na kurasa kadhaa, SHEET 1 OF 3 na kuendelea, angalia herufi ya kila ukurasa, maana kuna ofisi zinazobadilisha ukurasa mmoja na kuacha mingine.

Kwenye picha, penye mabadiliko huwekwa kipembetatu chenye herufi ya toleo. Kinasaidia, lakini usikitegemee. Watu wengi wa ofisini hufuta vipembetatu vya zamani wanapotoa toleo jipya. Kukosekana kwa kipembetatu hakumaanishi hapajaguswa.

Sasa tuone h6 kuwa k6 ina uzito gani, kwa sababu hapa ndipo fundi mzoefu husema, "Arubaini ni arubaini." Hapana. Namba 40 ni jina la kipimo. Herufi na tarakimu inayofuata ndiyo toleransi, yaani ruhusa: chuma kiruhusiwe kuanzia wapi hadi wapi. Herufi ndogo ni ya shafti, herufi kubwa ni ya tundu. Kwa kipenyo cha 40, h6 inaruhusu kuanzia 39.984 hadi 40.000. k6 inaruhusu kuanzia 40.002 hadi 40.018. Angalieni vizuri: hakuna hata shafti moja iliyo sahihi kwa h6 ambayo ni sahihi kwa k6. Aliyefuata toleo A kwa uaminifu wote ametoa chuma kibovu kwa toleo C.

Beringi ya kawaida ya 6208 tundu lake huwa kati ya 39.988 na 40.000. Weka shafti ya h6 ndani yake: ukibahatika inakaza kwa maikroni 12, usipobahatika inalegea kwa maikroni 16. Weka ya k6: hata mbaya kuliko zote inakaza kwa maikroni 2, na inayokaza zaidi ni 30. Inakaza daima. Kwenye pampu, shafti inazunguka na mzigo unavuta upande mmoja, kwa hiyo ringi ya ndani ya beringi isipokaza huanza kutambaa juu ya shafti, kidogo kidogo kila mzunguko. Pampu inafanya kazi, hakuna anayelalamika. Ukija kuifungua unakuta mahali pa kukalia beringi pameng'aa, pana mikwaruzo ya kuzunguka, na unga wa rangi ya kutu uliochanganyika na grisi. Ukiona unga huo, usilaumu beringi wala usibadilishe beringi peke yake. Pima shafti.

Na hapo nawajibu wale wa "mimi napima ile ya zamani naiga". Shafti ya zamani ndiyo hiyo iliyoliwa! Ukiipima unapata 39.96, unaiga ugonjwa. Tena yawezekana ilitengenezwa kwa toleo A, na toleo C lilitolewa kwa sababu ya tatizo hilo hilo.

Kuna jambo jipya linalonikera zaidi: mchoro wa kupigwa picha kwa simu. Mtu anapiga picha ya shafti, kona inakatika nje. Imekatika namba, limekatika toleo, imekatika toleransi ya jumla. Kilichobaki ni mapambo. Na k ndogo kwenye picha yenye ukungu inasomeka h. Dai picha ya karatasi nzima, pembe zote nne zionekane, kisha picha ya pili ya kona peke yake. Wala usiweke rula juu ya karatasi au kioo cha simu kupima kilichokosekana. SCALE 1:2 ilikuwa kweli kwa karatasi ya kwanza tu, ndiyo maana pembeni wameandika DO NOT SCALE.

Turudi kwenye mashine. k6 ina nafasi ya maikroni 16 tu kutoka chini hadi juu, kwa hiyo lenga katikati, 40.010. Venia inayosoma 0.02 haiwezi kukuambia kitu hapa, nafasi yote ni ndogo kuliko mstari wake mmoja. Chukua maikromita ya 25 hadi 50, ihakiki kwanza kwa kipande chake cha 25, kisha acha shafti ipoe. Chuma cha kipenyo cha 40 kikiwa na joto la nyuzi 30 zaidi ya maikromita kimevimba karibu maikroni 14. Ukipima kikiwa moto ukasoma 40.010 ukafurahi, kikipoa ni 39.996, na umeshatoka nje ya k6. Shafti na maikromita vikae pamoja kwenye meza hadi vilingane joto, ndipo upime. Pima sehemu mbili kwa urefu, na kila sehemu geuza nyuzi 90, maana shafti inaweza kuwa na umbo la yai.

Mtasema, "Je, kila kipimo tuhangaike hivyo?" La, na jibu liko kwenye kona ile ile. Urefu 412 hauna toleransi pembeni yake. Tafuta sentensi inayoanza UNLESS OTHERWISE SPECIFIED. Maana yake: kipimo chochote ambacho hakikuandikiwa ruhusa yake, kitumie hii. Kwenye shafti yetu imeandikwa ISO 2768-m. Kwa urefu wa zaidi ya 400 hadi 1000 inatoa ±0.8, kwa hiyo 411.2 ni sawa na 412.8 ni sawa. Namwona fundi anatumia nusu saa kutafuta 412.00 kamili, halafu mahali pa beringi anapasua haraka kwa sababu jioni imefika. Muda wake ameupeleka pasipotakiwa.

Mchoro wa Kimarekani huenda ukataja ruhusa kwa idadi ya tarakimu baada ya nukta. Hapo 12.5 na 12.50 ni vipimo viwili tofauti, usifute sifuri unapovinakili. Na hakikisha kwanza kama ni milimita au inchi, imeandikwa hapo hapo.

Naona muda unakwisha, kwa hiyo haya mawili nayapitia haraka. Kwenye kona kuna alama ya koni iliyokatwa ncha, pamoja na miduara miwili mmoja ndani ya mwingine. Inaeleza picha za pembeni zimepangwaje. Kwa mpango wa Wajerumani na Wachina, unachokiona ukisimama kushoto huchorwa kulia. Kwa Wamarekani, cha kulia huchorwa kulia. Ukichanganya, kwenye shafti iliyo sawa huenda usigundue, lakini kwenye mabano yenye matundu utatoa kitu cha kwenye kioo.

La pili ni kile kisanduku chembamba chenye mshale, 0.02 na A-B. Mshale ni mtikisiko: kalisha shafti kwenye sehemu za A na B, yaani pale pa beringi mbili, izungushe mzunguko mmoja, sindano ya saa ya kupimia isitembee zaidi ya 0.02. Ili uipate, kereza sehemu zote mbili za beringi kati ya senta mbili bila kuihamishia shafti kwenye chaki katikati ya kazi. Sili na mfereji wa kufuli la impela tutavizungumza kwenye maswali. Mwenye mchoro wake mfukoni auweke mezani sasa, ila uwe na kona.