Kwanini kuvu inaanzia nyuma ya kabati: mazungumzo ya jioni moja ya masika, Moshi

Karibuni jamani, sogeeni mbele, huko nyuma kunavuja. Nitaongea Kiswahili cha site maana ndio ninachokijua. Na kabla hatujafika mbali, neno: wengi tunasema "ukungu" kwa ule unaofunika mlima asubuhi na pia kwa yale madoa meusi ukutani, leo tusije tukachanganyana, ule wa mlima ndio ukungu, wa ukutani nitauita kuvu.

Nimekuja na vitu vitatu tu. Kikombe cha bati kinachong'aa, barafu kidogo, na kipimajoto cha kawaida. Mama wa mbele hapo naomba unisaidie, wewe ndio macho yetu. Namimina maji ya bomba nusu kikombe, natumbukiza kipande kimoja cha barafu, nakoroga, halafu kingine, polepole tu bila haraka. Kazi yako ni kuangalia nje ya kikombe, ukiona bati limepoteza kung'aa, limekuwa kama limepuliziwa pumzi, sema "tayari".

...

Tayari? Sawa. Kipimajoto ndani ya maji kinasoma nyuzi 20. Hewa ya humu ukumbini ni 24, nimepima kabla hamjaanza kujaa. Hiyo 20 ndio nukta ya umande ya humu ndani kwa sasa hivi, maana yake kitu chochote humu chenye nyuzi 20 au chini yake, kiwe kikombe, kiwe ukuta, kiwe sufuria, maji ya hewani yatakilalia. Hayajatoka ndani ya kikombe yale, bati halivuji. Yametoka kwenye hewa, na sehemu yake yametoka mapafuni mwenu.

Inakuwaje? Hewa yenye joto inabeba mvuke mwingi, hewa ya baridi inabeba kidogo. Kwa nyuzi 23 mita moja ya ujazo ya hewa inashika kama gramu 20 na nusu za maji, ukiishusha hadi 17 inashika 14 na nusu tu, zile 6 zilizobaki lazima zitafute pa kwenda. Mnaijua hotpoti ya chapati, ukifunika zikiwa za moto, baada ya nusu saa kifuniko kinadondosha maji na chapati ya juu imelowa. Basi chumba chako cha kulala mwezi wa nne ni hotpoti, wewe ndio chapati.

Sasa nije kwangu mwenyewe, Rau, maana sitaki kumsema mtu. Nilikuwa na madirisha ya zamani ya mbao, na juu yake yale matofali ya matundu. Mbu wakanichosha, vumbi la kiangazi likanichosha, nikasema ngoja niwe mjanja, nikaweka alminiamu ya kusukuma, matundu nikaziba na saruji, dari nikapiga jipsamu, chumba kikawa kizuri kwelikweli. Masika iliyofuata mke wangu akavuta kabati atafute kiatu cha mtoto, akaniita. Ukuta mzima nyuma ya kabati mweusi, mgongo wa kabati una manyoya ya kijani, mkanda wangu wa ngozi una unga mweupe. Nikafanya wanachofanya wote, nikapaka rangi. Baada ya wiki tatu ikarudi. Nikapaka tena!! Mara ya tatu ndio nikakumbuka kwamba mi ni fundi, nikachukua kikombe cha bati.

Chumba kina mita za ujazo kama 30. Saa 4 usiku hewa ilikuwa nyuzi 23 na kikombe kikaingia umande kwenye 18, hiyo ni kama asilimia 75 ya unyevu, kawaida tu kwa masika. Maana yake chumba kimeshashika kama gramu 460 za mvuke, na mwisho wake kwa joto lile ni kama 620. Nafasi iliyobaki ni gramu 160, ambayo ni kama glasi ndogo ya maji, chumba kizima. Tunalala watatu, na mtu aliyelala anatoa kama gramu 40 kwa saa kwa pumzi na jasho, kwahiyo sisi watatu tunamwaga kama 120 kila saa. Fanya hesabu, kama chumba kimezibwa kabisa kinajaa kabla hata ya saa sita usiku na bado tunalala hadi kumi na moja. Ukweli ni kwamba hakijai hivyo, kwa sababu kidogo kinatoroka chini ya mlango, na kingine kinanyonywa na godoro, nguo na lipu ya ukuta, lakini hicho kilichonyonywa hakijaondoka, kipo kinasubiri.

Alfajiri nikapima tena. Nukta ya umande imepanda hadi 20. Halafu nikapima kuta, nilibandika kipimajoto kwa selotepu jioni na kukifunika na kipande cha godoro dogo ili kisome ukuta na sio hewa. Ukuta wa nje palipo wazi: 21 na nusu. Ukuta uleule nyuma ya kabati: 19. Unaona hapo? Mmoja uko juu ya nukta ya umande na mwingine uko chini yake, na ni ukuta mmoja, tofali moja la inchi 6, rangi moja.

Kwanini nyuma ya kabati kuna baridi, wakati ungedhani kabati linakinga? Linakinga kweli, ila linakinga upande usiofaa. Joto la chumba ndio linalopasha ule ukuta usiku, nje mvua imeulowesha na upepo wa mlimani unaupoza, sasa kabati limesimama katikati kama blanketi, joto halifiki, ila mvuke unafika, unapita kwenye upenyo wa sentimita moja bila shida na hauna pa kutokea. Pembe za chumba ni hivyohivyo, pembe ina kuta mbili zinazopoa na hewa haizunguki vizuri pale.

Na hapa ndipo watu wengi wanapokosea, hata mafundi wenzangu. Kuvu haihitaji kuona maji yanachuruzika. Inatosha hewa iliyogusana na ukuta iwe na unyevu wa kama asilimia 80 kwa siku kadhaa mfululizo hadi wiki. Kwa ile hewa yangu ya jioni, nyuzi 23 na asilimia 75, ukuta ukiwa na 22 tu, yaani nyuzi moja chini, pale ukutani unyevu tayari ni 80. Ukiwa na 20 ni kama 89. Kwahiyo mtu anakuambia "ukuta wangu mkavu, nimepapasa", na kuvu inaota. Mbegu zake zimo hewani siku zote huwezi kuzimaliza, na chakula ni vumbi, gundi, karatasi ya jipsamu, ngozi ya kiatu. Ulichonacho mkononi ni unyevu tu.

Ndiyo, mzee, uliza. Mzee anasema kwake unyevu unaanzia chini na rangi inabanduka. Huo si wa kwangu, mzee wangu. Ukianzia sakafuni ukapanda kama mpaka kiunoni, na una unga mweupe wa chumvi, huo unatoka ardhini, msingi hauna nailoni au imechanika, na madirisha hata ufungue mwaka mzima hautaisha. Na wa bati kuvuja unaacha doa la kahawia lenye ukingo, linakua kila mvua ikinyesha. Ukiwa na wasiwasi bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zote nne na selotepu, acha siku mbili. Maji yakiwa upande wa chumbani ni hewa yako, yakiwa nyuma ya nailoni ni ukuta. Zikilowa pande zote, pole, una yote mawili.

Haya, madirisha. Kila mtu ananiambia "nifungue vipi na nje kumelowa chapachapa?" Siku ileile alfajiri nilitoka nje, ukungu umeshuka hadi mgombani, joto 17. Hewa ile imejaa kabisa, asilimia 100 kasoro kidogo, lakini kujaa kwa nyuzi 17 ni gramu 14 na nusu. Ya chumbani mwangu ilikuwa na gramu 17. Ya nje iliyolowa ni kavu kuliko ya ndani! Ikiingia ikapashwa hadi 23 inakuwa asilimia 70 tu. Kubadilisha hewa ya chumba mara moja kunatoa kama gramu 80, na dirisha pamoja na mlango wa upande wa pili vikiwa wazi, robo saa inatosha kubadilisha zaidi ya mara moja. Dirisha moja peke yake halifanyi kazi hiyo, hewa inachungulia tu inarudi.

Ila kuna saa ya kufunga. Mnajua zile siku mvua imenyesha usiku, halafu saa tano jua kali linatoka, ardhi inafuka mvuke, nje ni nyuzi 25 na unyevu 80. Hewa hiyo nukta yake ya umande ni 21, na sakafu yako ya vigae bado ina 20 ya usiku. Ukifungua kila kitu, vigae vinatoka jasho, watu wanasema bomba limepasuka chini. Subiri sakafu ipate joto. Usipokuwa na uhakika, kikombe: pima nje, pima ndani, upande ambao umande unatokea kwenye namba ndogo ndio wenye hewa kavu.

Mama anauliza jiko la mkaa la kukausha chumba. Hapana mama, hilo linaua, ile gesi ya mkaa haina harufu na haikuamshi. Na jiko la gesi nalo halikaushi, kilo moja ya gesi ikiungua inatoa maji kama lita moja na nusu.

Nilichofanya kwangu: nimezibua matundu na kuweka nyavu za mbu, kwa sababu robo saa ya asubuhi haishindani na watu watatu usiku mzima. Kabati nimelihamishia ukuta wa ndani, limeachana na ukuta kwa upana wa kiganja na limesimama kwenye miguu. Nguo mbichi zinakauka kibarazani hata zikichukua siku mbili. Kuvu tuliosha kwa sabuni, tukapaka jiki, tukaacha ukuta ukauke kabisa kabla ya rangi, na jiki usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi, inatoa gesi mbaya. Masika mbili sasa nyuma ya kabati ni peupe. Pembe ya kaskazini, juu karibu na dari, bado inaniletea vidoa mwezi wa tano, nafuta, vinarudi, pale dawa ni kuongeza lipu nene kwa nje na bado sijapata hela.