Mchaneni Kwanza, Halafu Ndiyo Mseme Ana Msongo

(Mhadhara kwa wafuga paka na maafisa mifugo, Mtwara Mjini)

Shikamooni wazee, na wengine wote asalaam aleikum. Paka mnawajua kuliko ninavyoweza kuwaeleza, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye kesi.

Chukueni paka jike wa miaka 4, kilo 3. Mwenyewe kahama Mikindani, kapanga nyumba Chikongola, na paka kaja naye. Wiki ya tatu tumbo la paka limekuwa jeupe, limebaki ngozi tupu kuanzia kwenye matiti mpaka ndani ya mapaja. Ngozi yenyewe safi, haina kidonda, haina wekundu. Mwenyewe anasema, "Daktari, anakumbuka kwao. Ana stresi." Jirani naye anaitikia hivyo hivyo. Na mtaalamu akiitazama ngozi ile safi anaandika "msongo" na kumruhusu paka arudi nyumbani.

Hapo ndipo ninapogombana na watu, na nitaendelea kugombana. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa paka 21 walioletwa kwa wataalamu wakidhaniwa wanajinyonyoa kwa sababu ya msongo. Walipochunguzwa kikamilifu, paka 16 walikutwa na ugonjwa wa mwili peke yake, hasa mzio. Watatu walikuwa na ugonjwa pamoja na msongo. Wenye msongo mtupu walikuwa wawili. Wawili kati ya 21! Na hao ni wale ambao tayari walikuwa wamepewa jina la msongo.

Sasa turudi kwa paka wetu. Swali la kwanza si kwa nini amenyonyoka, ni kama ni yeye anayejinyonyoa. Pitisha kidole kwenye kipara kinyume na manyoya yanavyolala. Ukisikia visiki vinakwaruza kama kidevu kilichonyolewa jana, manyoya yamekatwa na ulimi. Mwenye hadubini ang'oe nywele chache za pembezoni mwa kipara atazame ncha zake: nywele iliyodondoka yenyewe ina ncha nyembamba, iliyolambwa ina ncha iliyovunjika. Mwenyewe akikuapia kwamba hajawahi kumwona akijilamba, usimbishie. Paka wengi hufanya hivyo usiku au chini ya kitanda. Mwulize kama anatapika mabonge ya manyoya, au kama manyoya yanaonekana kwenye mavi.

Lakini sikilizeni vizuri, mabwana mifugo: ncha iliyovunjika inakuambia ulimi umefanya kazi, haikuambii sababu. Paka anayewashwa na paka mwenye msongo wote wanatumia ulimi uleule, na wote wanaweza kubaki na ngozi safi. Kwa hiyo "ngozi haina kitu" si ushahidi wa msongo hata kidogo.

Hatua ya pili ni chanuo. Tumia lile la kutolea chawa watoto, lenye meno yaliyobanana. Msimamishe paka juu ya shuka jeupe, mchane mgongo wa chini karibu na mkia, kisha shingo, kisha tumbo, kwa dakika tano kamili. Vidole vyako navyo vipapase kiunoni, maana vipele vidogo vikavu kama punje za uwele hujificha chini ya manyoya na jicho halivioni. Kila kilichobaki kwenye chanuo kigongee juu ya tishu nyeupe iliyolowana. Mchanga utabaki mchanga. Kinyesi cha kiroboto kitatoa duara la rangi ya kutu, kwa sababu ni damu ya paka iliyokwisha kumeng'enywa.

Kwa paka wetu huyu zikapatikana chembe mbili, na zote zikatoa rangi. Kiroboto mwenyewe hakuonekana hata mmoja.

Najua mtakachosema, nakisikia kila ninaposimama mbele za watu: "Mbona mimi nimemtazama vizuri na hana kiroboto?" Ndugu zangu, paka mwenye mzio wa viroboto ndiye hasa asiyeonekana na viroboto! Kinachomuwasha ni mate ya kiroboto yanayoingia anapoumwa, na kwake yeye maumo machache tu yanatosha. Akiwashwa anajilamba na kujitafuna kutwa, na ulimi wa paka una miiba, ni chanuo kamili. Anawang'oa, anawameza. Watafiti waliwahi kuwavalisha paka kola pana za kuwazuia kujilamba, na baada ya wiki tatu wale waliozuiwa walikuwa na viroboto mara mbili ya wenzao walioachwa huru. Kwa hiyo mgonjwa wako yuko safi, na mwenzake anayelala mlangoni bila kujikuna ndiye aliyejaa. Mchane yule. Na ukiona vipande kama punje za mchele vimekauka chini ya mkia, hiyo mara nyingi ni minyoo tegu anayoipata kwa kumeza viroboto, nayo ni dalili nyingine ya viroboto.

"Lakini daktari, ameanza tulipohama." Nashukuru kwa swali hilo, kwa sababu kuhama ndiko kulikompatia viroboto. Nyumba ile ya Chikongola ilikaa tupu miezi miwili, na mpangaji aliyetangulia alifuga paka. Kiroboto jike hutaga mayai hata 40 kwa siku, nayo ni laini, hayashiki kwenye manyoya, yanadondoka popote paka anapolala. Yakianguliwa, funza wake hukimbia mwanga na kuingia kwenye nyufa za saruji, chini ya jamvi, chini ya uvungu. Wanakula kile kinyesi cheusi cha wakubwa wao. Kisha hujifunga ndani ya vifuko, na humo kiroboto aliyekomaa anaweza kusubiri wiki nyingi, hata miezi, bila kula. Anasubiri mtikisiko wa nyayo, joto la mwili na pumzi. Nyumba tupu ikifunguliwa, mkaingiza makabati na paka, mmewaamsha wote kwa siku moja. Mtu anahesabu tarehe ya kuhama anaona huzuni. Mimi nikihesabu tarehe hiyohiyo naona vifuko vinapasuka.

Na huku kwetu pwani, joto na unyevu vipo mwaka mzima. Viroboto hawana msimu wa kupumzika.

Dawa, basi. Ile ya matone yenye fipronili kwa paka ni kichupa cha nusu mililita. Unatenganisha manyoya chini ya kisogo, pale ulimi usipofika, unadondosha kwenye ngozi na si juu ya manyoya. Unarudia kila mwezi, angalau miezi mitatu, kwa kila paka na kila mbwa wa nyumba hiyo, mbwa kwa dawa yake. Jamvi na mikeka ianikwe juani, matandiko ya paka yafuliwe kwa maji ya moto kila wiki, nyufa zifagiliwe na taka zitupwe mbali. Vile vifuko dawa haivipenyi, kwa hiyo mtaendelea kuona viroboto wapya kwa wiki kadhaa. Watu wengi huacha wiki ya tatu wakisema dawa ni feki. Msiache, wale wapya wanatoka kwenye vifuko vya zamani, na wakimpanda paka mwenye dawa wanakufa.

Na hapa nitapandisha sauti. Dawa ya matone ya mbwa yenye permethrini inaua paka. Ini la paka haliwezi kuivunja. Baada ya saa chache anatetemeka masikio na misuli, kisha anapata degedege. Someni boksi kabla ya kununua. Mkikosea, mwosheni na sabuni ya vyombo kwa maji ya vuguvugu na mkimbizeni kwa daktari wa mifugo palepale, hakuna dawa ya nyumbani. Na msimu wa korosho nakuta watu wanampaka paka salfa kwa kuwa ipo ndani kwenye mfuko. Salfa ni ya ubwiri unga, ni ya mkorosho. Kwa paka inachoma macho na ngozi, na yote aliyopakwa ataimeza kwa ulimi.

Wafuga kuku, angalieni pia ukingo wa masikio. Wapo viroboto wa kuku wanaojiganda hapo kama punje nyeusi, hawaruki ukiwagusa, na wanampata paka anayelala bandani. Na kama magamba mazito yamefunika masikio, uso na shingo, huo ni upele wa utitiri. Hilo ni somo jingine, ngozi ikwanguliwe na kupimwa.

Muda unanikimbia. Paka wetu wa Chikongola, wiki ya nne ya dawa alikuwa ameacha kujilamba usiku, na visiki vya manyoya vilikuwa vinarefuka. Tumbo hujaa baada ya miezi miwili au mitatu. Angeacha nusu tu, ningeshuku chakula. Paka wa hapa anakula samaki tangu anaachishwa ziwa, na samaki na nyama ya ng'ombe ndivyo vyakula vinavyoongoza kwa kuleta mzio kwa paka. Mpe nyama asiyowahi kuila, sungura kwa mfano, iliyochemshwa bila chumvi wala kitunguu, wiki 8 bila kuonja dagaa hata mmoja. Kisha mrudishie samaki: akianza kuwashwa ndani ya wiki mbili, umepata jibu. Usifanye hivyo kwa kitoto cha paka wala paka mwenye mimba, na usiendelee baada ya wiki hizo bila daktari, maana nyama tupu haina kalsiamu ya kutosha.

Na akilamba sehemu moja tu, chini kabisa ya tumbo, huku akichuchumaa kukojoa mara kwa mara, kibofu kinamuuma. Dume akichuchumaa mkojo usitoke, apelekwe saa hiyohiyo.

Yote hayo yakishaondolewa ndipo nakubali msongo, na upo kweli. Mara nyingi ni paka dume wa jirani anayekaa dirishani, au paka mpya anayemzuia mwenzake kufika kwenye sahani. Ziba dirisha hadi juu ya kimo cha macho ya paka. Tenga sahani na maji sehemu mbili zisizoonana, na masanduku ya mchanga yazidi idadi ya paka kwa moja. Mpe mahali pa juu pa kulala, juu ya kabati panatosha. Msimchape wala kumfokea akijilamba, atahamia uvunguni na ataongeza. Wachache hao huhitaji dawa za kutuliza wasiwasi, nazo ni za daktari kuandika, si za kununua dukani kwa kuuliza.

Yule mama wa pale nyuma aliyekuja na paka kwenye tenga, njoo naye mbele. Nipatieni shuka jeupe na tishu.